Maswali na Majibu: Msafara kwenye riwaya bila kugeuka mwalimu wa historia

Dada, riwaya yangu ni ya msafara wa Bagamoyo mpaka Ujiji, miaka ya 1870. Sura ya tatu nimeeleza hongo, yaani ushuru wa kupita njia, ni nini, nani alitoza na kwa nini, rafiki yangu kasema anasinzia. Nifute? (Msomaji, Mbagala)

Usifute, ila toa maelezo uweke watu. Hongo ni ugomvi tayari, kuna anayedai na kuna asiyetaka kutoa, sasa wewe umeichukua ukaifanya aya ya kitabu cha darasani. Ebu fikiria hivi. Msafara umefika Ugogo, mjumbe wa mtemi anataka doti kumi za kitambaa cha merikani. Doti moja ni mikono minane, na mkono ni kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Tajiri wako anaita kijana mfupi aje apime, mjumbe anacheka, anageuka nyuma anamwita jamaa yake mrefu kuliko wote pale. Kila kitambaa kikipimwa na ule mkono mrefu tajiri anaona mali inapungua, anataka kugoma, halafu kirangozi, yule anayeongoza njia, anamsogelea sikioni anamwambia vibuyu vimekauka tangu asubuhi na kisima kiko nyuma ya wale vijana wenye mikuki. Analipa.

Umeona, hujasema popote kwamba kitambaa kilikuwa pesa au kwamba Ugogo ni kukavu na mwenye kisima ndiye mwenye njia, lakini msomaji kavijua vyote viwili na bado anataka kujua kesho itakuwaje. Mimi kipimo changu ndo hicho, kila ulichokisoma kiwe kitu ambacho mtu hapo ndani anakipoteza au anaogopa kukipoteza, kama hakuna anayepoteza basi bado ni notsi tu.

Maneno ya zamani kama terekeza niyaandikie maana kwenye mabano? (Msomaji, Tabata)

Hapana, mabano yanamtoa msomaji njiani. Ila hilo neno liangalie sana, maana msomaji wa leo atasoma "telekeza" afikiri kuna mtu katupwa porini. Kwenye msafara ilikuwa ni mwendo wa kuvuka sehemu isiyo na maji, na wengine waliandika tirikeza. Basi acha mwendo wenyewe useme. Wako ukingoni mwa Marenga Mkali, nyika kavu kabla ya Ugogo, asubuhi wanapika na kunywa mpaka matumbo yanajaa, vibuyu vinajazwa, mchana jua likiwa bado kali ngoma inalia na mpagazi mmoja ananung'unika, "Terekeza tena." Usiku wanalala bila maji ya kupikia, alfajiri wanaondoka tena. Ukilitaja mara ya pili kwenye sura ya nane msomaji ataanza kuona kiu kabla hujamwambia chochote.

Mpagazi alibeba kilo ngapi, na nitaandikaje bila kutaja namba? (Msomaji, Kigamboni)

Mara nyingi kama frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Namba ijue wewe, msomaji mpe bega. Mimi nilibeba mfuko wa mchele wa kilo 25 kutoka kituoni mpaka nyumbani, dakika kumi tu, na kilichonishinda sio kutembea, ni kuunyanyua tena kutoka chini baada ya kupumzika. Nilivyokuja kusoma jinsi mtumba wa nguo ulivyofungwa nikaelewa papo hapo, walikuwa wanaufungia fito ndefu zenye panda mwishoni, ili mtu akichoka auegemeze kwenye mti usimame wenyewe, haugusi tope na akiondoka anaingiza tu bega chini yake. Kwa hiyo mpagazi wako mgonjwa, akipita mahali pasipo na mti hata mmoja, hathubutu kupumzika kwa sababu akiutua haunyanyui tena. Hapo uzito umeusema wote. Na ndiyo, ni mtumba huohuo wa Karume, neno limetoka mgongoni kwa hao watu, lakini usilielezee ndani ya hadithi, mhusika wako hajawahi kufika Ilala.

Nikiweka kijana mgeni wa kuuliza maswali si itanirahisishia? (Msomaji, Ubungo)

Inasaidia, ila angalia anamuuliza nani na muda gani. Mnyamwezi aliyepita njia ile mara tano, ana mzigo begani na jua la saa saba, hawezi kumpa mtoto wa Pwani hotuba ya vituo vyote mpaka Tabora. Kijana akiuliza "bado mbali?", ajibiwe "funga mdomo usikauke", na wale wakongwe wawili wasielezane kitu ambacho wote wanakijua. Kijana aje ajue umbali siku atakapoona posho inagawiwa kibaba nusu badala ya kimoja na hakuna hata mtu mzima mmoja anayelalamika.