Ukingo wa Mmomonyoko: Kutofautisha Jongo na Baridi Yabisi kwenye Eksirei ya Mikono na Miguu

Ninyi mnaoanza kusoma eksirei za viungo mtakutana mapema na picha ya mikono ambayo daktari ameiombea kwa maneno machache tu: "Mgonjwa ana uvimbe wa vidole, je, ni baridi yabisi?" Mtaona shimo dogo kwenye mfupa, mtaandika kwamba kuna mmomonyoko, na mtadhani swali limejibiwa. Kwa kweli bado, kwa sababu jongo nalo hula mfupa, na tiba za magonjwa haya mawili hazifanani hata kidogo. Niseme kwanza kwamba watu wengi huita kila maumivu ya viungo baridi yabisi, lakini hapa ninakusudia ugonjwa mmoja tu, yaani ule ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika kiungo kwa ndani.

Tofauti zote mtakazoziona kwenye picha zinatokana na mahali uharibifu unapoanzia. Katika baridi yabisi, utando huo huvimba na kutambaa hadi kwenye kipande kidogo cha mfupa kilicho ndani ya kiungo lakini hakikufunikwa na gegedu, pale gegedu linapoishia na kabla ya kifuko cha kiungo kushika mfupa. Hapo ndipo mfupa huliwa kwanza, pembeni kabisa mwa kiungo, na kwa sababu uvimbe ni mkali, mfupa haupati nafasi ya kujijenga upya. Ndiyo maana ukingo wa shimo huonekana umechakaa na usio na mstari mweupe wa kuuzunguka. Gegedu nalo huliwa wakati huohuo, hivyo nafasi ya kiungo hupungua kwa usawa tangu mapema, na mifupa iliyo jirani na kiungo hupoteza madini na kuonekana myeusi kuliko katikati ya mfupa huohuo.

Jongo hufanya kazi taratibu zaidi. Fuwele za yureti, yaani chumvi ya asidi ya yuriki, hujikusanya na kuwa kinundu, mara nyingi nje ya kiungo au kando yake, na kinundu hicho hukandamiza na kuula mfupa kwa miaka mingi. Mfupa huwa na muda wa kujihami: hujenga mstari mweupe kuzunguka shimo, na pengine huota ulimi mwembamba unaoinuka juu ya kinundu kama ukingo wa paa. Ulimi huo ndio ukingo unaoning'inia, na mkiuona wazi mna sababu nzuri ya kutaja jongo. Gegedu, kwa upande wake, huachwa salama kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtaona jambo ambalo baridi yabisi halilifanyi kwa urahisi: shimo kubwa kwenye mfupa huku nafasi ya kiungo kilicho kando yake ikiwa ya kawaida.

Nitaeleza kisa kimoja nilichokikosea mwenyewe, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha kusoma hivi. Mama wa miaka 67, aliyekuwa akitumia dawa ya kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu kwa miaka mingi, alipigwa eksirei ya mikono yote miwili. Vidole vilikuwa vimevimba, na kipimo cha damu cha rumatoidi kilikuwa juu kidogo. Niliona mmomonyoko kwenye kichwa cha mfupa ulio chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, yaani kwenye kiungo kinachotokeza mtu akikunja ngumi. Hapo ni mahali panapopendwa sana na baridi yabisi, nami nikaandika hivyo. Akaanzishiwa dawa za kukandamiza kinga, na kwa miezi minane vidole havikupata nafuu.

Aliporudi, tuliomba eksirei ya miguu. Kwenye kiungo cha chini cha kidole gumba, upande wa ndani wa kichwa cha mfupa, kulikuwa na shimo la takriban milimita 7, lenye ukingo mweupe na ulimi uliokuwa ukining'inia juu ya uvimbe wa nyama uliokaa upande mmoja tu. Nafasi ya kiungo ilikuwa kamili. Nikaifungua tena picha ya mikono, nikaikuza na kurekebisha mwanga, na makosa yangu yakajitokeza moja baada ya jingine. Shimo la kidole cha shahada lilikuwa limeanza milimita kadhaa mbali na ukingo wa kiungo, si pale gegedu linapoishia. Lilikuwa na mstari mweupe. Mifupa ya jirani haikuwa imepoteza madini. Zaidi ya hayo, kiungo cha mwisho cha kidole cha kati, kilicho karibu na ukucha, kilikuwa na shimo pia, ilhali baridi yabisi kwa kawaida hukiacha kiungo hicho. Kiungo kilivutwa maji kwa sindano, na hadubini ya mwanga wa polaraizi ikaonyesha fuwele za yureti zenye umbo la sindano.

Kipimo kile cha damu kilinipotosha kwa sababu nilikisoma kabla ya picha. Kinaweza kuwa juu kwa watu wazima wasio na baridi yabisi, wakiwemo wenye jongo la muda mrefu. Vilevile asidi ya yuriki inaweza kuonekana ya kawaida wakati wa shambulio la jongo, kwa hiyo msiifute jongo kwa kipimo hicho peke yake. Na wanawake waliokoma hedhi wanaotumia dawa za kuongeza mkojo hupata jongo la vidole vya mikono mara nyingi kuliko wanavyotarajia wengi wetu, hasa kwenye viungo vya mwisho ambavyo tayari vimechakaa.

Tangu hapo huomba miguu pamoja na mikono kila swali linapokuwa hili. Mguu hutenganisha vizuri: baridi yabisi mara nyingi huanza upande wa nje wa kichwa cha mfupa ulio chini ya kidole kidogo, na huelekea kuigusa miguu yote miwili kwa kulingana, ilhali jongo hupenda upande wa ndani wa kidole gumba na hushika bila mpangilio. Ombeni pia picha ya mshazari, kwani ulimi unaoning'inia huonekana tu mwale unapoupita kwa ubavu.

Dalili hizi zina mipaka yake. Jongo la miaka ya mwanzo kwa kawaida huonyesha uvimbe wa nyama peke yake, na mifupa huwa mizima. Jongo la zamani sana hatimaye huharibu gegedu, na hapo nafasi ya kiungo haisaidii tena. Kinyume chake, mmomonyoko wa baridi yabisi uliotulizwa na dawa unaweza kuota ukingo mweupe, hivyo ukingo huo peke yake usiwashawishi kama nafasi ya kiungo imepungua kwa usawa na viganja vyote viwili vinafanana.

Siku hizi ripoti yangu haitaji ugonjwa kabla ya kueleza shimo lenyewe. Ya yule mama ningeiandika hivi: "Mmomonyoko wenye ukingo mweupe, ulioanza nje ya ukingo wa kiungo, nafasi ya kiungo ikiwa kamili na madini ya mfupa yakiwa ya kawaida, kiungo cha mwisho cha kidole cha kati kimeguswa. Mpangilio huu unaelekea jongo kuliko baridi yabisi. Inashauriwa eksirei ya miguu na kuvuta maji ya kiungo kutafuta fuwele, kabla ya kuanza dawa za kukandamiza kinga."