Jaketi la pikipiki kwa jua na mvua: utando wa ndani au koti la juu?

*"Fundi, salamu. Ninaishi Lubumbashi na kila wiki ninaenda Likasi kwa pikipiki, kwa kazi. Jaketi langu ni la neti, lina utando wa kuzuia mvua unaofungwa ndani kwa zipu. Nikiuweka, joto linanimaliza na ninafika nimelowa. Nikiutoa, mvua inanikuta njiani. Sijui hata kama unavuja au ni jasho langu. Ninunue jaketi lingine lisilopitisha maji kabisa?"*

Usinunue bado, ndugu. Kwanza tujue maji hayo yanatoka wapi.

Vaa fulana kavu ya pamba ya rangi ya kijivu, kwa sababu kijivu kinaonyesha unyevu haraka. Vaa jaketi na utando wake juu yake, kisha simama kivulini asubuhi kukiwa bado na baridi. Mtu akumwagie maji polepole kwa kopo la kumwagilia maua, dakika kumi, mabegani, kifuani kwenye zipu na mikononi. Wewe usitembee. Ukisimama tuli kwenye ubaridi hutoi jasho la maana, kwa hiyo doa lolote utakalolikuta kwenye fulana ni maji ya nje. Uvujaji huacha doa lenye mahali pake: mstari chini ya zipu, shingoni, au pale mshono wa bega unapokutana na mkono. Jasho halina mpaka kama huo. Hulowesha mgongo mzima, makwapa na mikunjo ya viwiko. Ukipata doa, geuza utando uangalie utepe uliobandikwa juu ya mishono. Mara nyingi ndio uliobanduka, na kitambaa chenyewe hakina kosa.

Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani utakuta fulana kavu, yaani unalowa kwa jasho. Na hapo jaketi la bei kubwa zaidi lenye utando halitakuokoa. Utando unaoitwa wa kupumua hutoa mvuke wa jasho pale tu ndani ya jaketi panapokuwa na mvuke mwingi kuliko nje. Ulaya kwenye baridi kavu, tofauti hiyo ni kubwa. Kwetu mwezi wa Novemba, mawingu yakiwa yamejikusanya na hewa imejaa unyevu, tofauti inapungua sana na jasho linabaki nawe. Isitoshe, utando unazuia upepo. Neti inakupoza kwa sababu hewa inafika kwenye fulana na kukausha jasho. Ukifunga utando nyuma yake, hewa inaishia kwenye utando na fulana haipati kitu.

Kuna tatizo la pili ambalo wengi hawalioni. Utando ukiwa ndani, neti na padi zilizo nje yake hunywa maji. Jaketi linakuwa zito, mifuko inajaa, na ukienda kasi maji yale yanavukizwa na upepo na kuvuta joto la mwili wako. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka mjini anatoka jasho na baada ya mvua akafika anatetemeka, wakati ndani hajaingiwa na tone.

Kwa barabara yako ushauri wangu ni huu: toa utando ubaki nyumbani, vaa neti peke yake, na ubebe koti la mvua na suruali yake vya kuvaa JUU ya kila kitu. Safari yako ni kama kilomita 120 na mvua zetu za mchana huja kwa nguvu kisha zikapita. Unahitaji kitu unachoweza kukivaa pembeni mwa barabara bila kuvua jaketi, na kukitoa jua likirudi.

Koti hilo halihitaji kuwa la kupumua. La plastiki au la nailoni iliyopakwa mpira linatosha, mradi mishono ina utepe ndani na zipu imefunikwa kwa ulimi wenye velkro. Lijaribu dukani ukiwa na jaketi lako mwilini, ukikaa mkao wa kushika usukani; kwa kawaida utahitaji namba moja au mbili juu ya unayovaa. Kwenye suruali, kagua mshono wa kati ya mapaja kuliko sehemu yoyote. Maji yanakusanyika kwenye kiti mbele yako, na uzito wako unayasukuma yapite humo. Chagua suruali ambayo mishono yake mikuu haikutani hapo. Rangi iwe ya njano au ya machungwa, kwa sababu madereva wa malori kwenye mvua ile hawaoni mbali.

Sasa suala la kuanguka. Koti la mvua halilindi ngozi hata kidogo, kwa hiyo ulinzi wote unabaki kwa jaketi la neti. Fungua ndani utafute lebo yenye picha ya mwendesha pikipiki na maandishi EN 17092, kiwango cha Ulaya cha nguo za pikipiki. Kwa mwendo wa barabara kuu tafuta herufi AA. A ni ya mjini. B haina padi, na C ni ya kushikilia padi tu, haina kinga ya kusuguliwa. Kama lebo haipo, na mitumbani mara nyingi haipo, inua jaketi uelekeze juani. Mwanga upite kifuani, mgongoni na upande wa ndani wa mikono. Ukipita pia kwenye viwiko na mabegani, liache: hapo ndipo mwili unapoburuzika, na neti ya poliesta huyeyuka kwa joto la msuguano kisha hutoboka. Sehemu hizo zinahitaji kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, au ngozi, na mishono ya mistari miwili. Padi ziwe na maandishi EN 1621-1, kiwango cha padi za kukinga mapigo, na namba 2. Ya namba 1 inaruhusu nguvu ya pigo ya wastani wa kilonyutoni 35 kupita hadi mwilini, ya namba 2 haizidishi 20. Shika padi ya kiwiko na uivute. Ikizunguka hadi ubavuni mwa mkono, siku ya kuanguka haitakuwepo mahali pake. Kaza mikanda ya mikono, au chukua namba ndogo.

Siku ya safari iende hivi. Unatoka na fulana nyepesi ya poliesta, neti na glavu. Koti na suruali ya mvua viko juu kabisa kwenye mzigo. Ukiona pazia la mvua mbele, simama kabla hujaingia, kwa sababu ukivaa plastiki juu ya neti iliyolowa unajifungia maji ndani. Anza na suruali: vika kiatu mfuko wa plastiki, kitateleza kwenye mguu wa suruali bila kuuchana. Kaza mguu ulio upande wa ekzosi kwa velkro, maana plastiki ikigusa bomba inanata na kutoboka. Mikono ya koti ipite juu ya glavu. Ukishika usukani mikono inainama kwenda mbele, na maji yatafuata mteremko huo hadi ndani ya glavu kama umeyafungulia njia. Mvua ikiisha, vua mara moja, hata kama umebakiza kilomita chache.

Nyumbani tundika koti kivulini likauke pande zote mbili. Likikunjwa bichi, mpira wa ndani unaanza kunata, kisha unabanduka vipande vipande, na hapo hakuna gundi itakayolirudisha.

Utando wako usiutupe. Juni na Julai, asubuhi za baridi kavu, ufunge ndani ya jaketi: utakukinga na upepo, na hewa ikiwa kavu hivyo jasho litapata njia ya kutoka.