Nyota yako Mbuzi, karata yako Shetani: halafu?

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. "Nimezaliwa Januari, nyota yangu Mbuzi. Nimetafuta karata yangu kwenye taroti nikaambiwa ni Shetani. Ndiyo kusudi la maisha yangu hilo?"

Hapana, dada. Kosa hata si lako. Anayekupa jedwali la nyota na karata bila kukuonyesha jinsi ya kulisoma ni sawa na anayekupa kamusi akidhani amekufundisha lugha. Jedwali ni mwanzo tu, na lina mitego yake. Tuanze nalo.

Mpangilio unaotumika zaidi leo ulitengenezwa Uingereza na jumuiya ya siri ya Mapambazuko ya Dhahabu, iliyoanzishwa London mwaka 1888. Karata kuu za taroti ni 22, sawa na herufi za Kiebrania. Elimu ya kale ya Kiyahudi ilikuwa imezigawa herufi hizo mafungu matatu: 3 za asili, 7 za sayari na 12 za nyota. Jumuiya ikabandika karata juu ya mgawanyo huo. Kwa hiyo karata moja hubeba nyota au hubeba sayari, haibebi vyote viwili. Shika hilo, utalihitaji hapo chini.

Kwa kuwa karata nyingi huandikwa Kiingereza, zitambue kwa namba ya Kirumi iliyoko juu. Nyota 12 zinakwenda hivi: Kondoo ni Mfalme Mkuu (IV), Ng'ombe ni Kuhani Mkuu (V), Mapacha ni Wapenzi (VI), Kaa ni Gari la Vita (VII), Simba ni Nguvu (VIII), Mashuke ni Mtawa (IX), Mizani ni Haki (XI), Nge ni Kifo (XIII), Mshale ni Kiasi (XIV), Mbuzi ni Shetani (XV), Ndoo ni Nyota (XVII), Samaki ni Mwezi (XVIII). Sayari 7 za kale, Jua na Mwezi zikiwemo: Utaridi ni Mfanya Mazingaombwe (I), Mwezi ni Kuhani wa Kike (II), Zuhura ni Malkia Mkuu (III), Mshtarii ni Gurudumu la Bahati (X), Mirihi ni Mnara (XVI), Jua ni Jua (XIX), Zohali ni Dunia (XXI). Zinabaki tatu za asili: Mpumbavu ni hewa, Aliyening'inizwa (XII) ni maji, Hukumu (XX) ni moto. Baadaye watu walizipa hizi tatu Uranus, Neptuni na Pluto. Kwa suala la kusudi la mtu mmoja, ziache. Pluto ilikaa kwenye Mshale tangu 1995 hadi 2008, na huwezi kusoma kusudi la mtu kwa alama anayoshiriki na kizazi kizima.

Mtego wa kwanza umeshauona: karata iitwayo Mwezi si ya sayari Mwezi. Ni ya Samaki. Mwezi wako unasomwa kwa Kuhani wa Kike, aliyeketi kati ya nguzo mbili na mwezi mwandamo miguuni pake. Mtego wa pili ni namba. Kwenye karata za kale za Ufaransa, Haki ni VIII na Nguvu ni XI. Seti ya 1909 iliyochorwa na Pamela Colman Smith ilizibadilisha nafasi, ili Simba itangulie Mashuke na Mizani ifuate, kama zinavyofuatana angani. Ukiwa na seti ya mtindo wa kale usiamini namba, angalia picha: mwenye simba ni Simba, mwenye mizani ni Mizani.

Sasa namna ya kusoma. Fikiria nyumba ya kupanga. Sayari ni mpangaji. Nyota aliyomo ni chumba alichopanga. Kila chumba kina mwenye nyumba, yaani sayari inayoitawala nyota ile: Mirihi ana Kondoo na Nge, Zuhura ana Ng'ombe na Mizani, Utaridi ana Mapacha na Mashuke, Mwezi ana Kaa, Jua lina Simba, Mshtarii ana Mshale na Samaki, Zohali ana Mbuzi na Ndoo. Watu wengi husoma chumba tu. Ndiyo maana mtu anaambiwa "wewe ni Shetani" na somo linaishia hapo. Swali la kusudi hujibiwa na mwenye nyumba: ni nani, na yeye mwenyewe anaishi wapi?

Tuchukue mfano kamili. Binti amezaliwa Dar es Salaam, 1 Januari 2000, saa 2 asubuhi.

Hapo kwenye saa ndipo wengi wa kwetu huharibu kazi kabla karata haijatoka mfukoni. Programu za kuchora ramani ya anga hazijui saa ya Kiswahili. Saa 2 asubuhi ni 08:00. Ukiandika 02:00, nyota inayochomoza inakuwa Nge badala ya Ndoo, na iliyo kileleni mwa anga inakuwa Simba badala ya Nge. Maana yake unaweka Kifo mahali pa Nyota, na Nguvu mahali pa Kifo. Umesoma maisha ya mtu mwingine kabisa. Kugundua ni rahisi: aliyezaliwa baada ya kucha lazima Jua lake liwe juu ya mstari wa upeo unaoikata ramani katikati. Kwenye ramani sahihi ya binti huyu Jua liko juu, upande wa kushoto. Kwenye ile ya 02:00 limezama chini. Kama kadi ya kliniki haina saa, usibuni. Nyota inayochomoza hubadilika kila baada ya kama saa mbili, kwa hiyo kukisia ni kamari. Soma Jua na mwenye nyumba wake tu.

Na usichanganye nyota ya tarehe na nyota ya jina. Pwani wengi wamehesabiwa nyota kwa abjadi: thamani za herufi za jina lako na la mama yako zinajumlishwa, zinagawanywa kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota. Ni elimu nyingine yenye kanuni zake. Mtu anaweza kuwa Mbuzi kwa tarehe na Mashuke kwa jina, na jedwali la taroti linataka ile ya tarehe.

Turudi kwa binti. Toa Jua (XIX), chini yake weka Shetani (XV), kwa sababu Jua lake liko Mbuzi. Pembeni weka mwenye nyumba, Zohali, yaani Dunia (XXI). Zohali mwenyewe siku hiyo alikuwa kwenye Ng'ombe, basi chini ya Dunia weka Kuhani Mkuu (V). Karata nne, safu mbili.

Itazame ile ya Shetani kwa karibu. Wale wawili wamefungwa minyororo shingoni, lakini minyororo imelegea, kichwa kinapita. Mbuzi ni nyota ya wajibu, mali na ngazi za kupanda, na Shetani inaonyesha mahali pa kubaki kwa sababu tu umezoea kubaki. Hiyo ni hali ya chumba. Mwenye nyumba ni Dunia: kazi iliyokamilika, iliyofungwa vizuri. Naye anaishi kwa Kuhani Mkuu, mwenye funguo mbili miguuni na wanafunzi wawili mbele yake. Ukiunganisha, unapata mtu ambaye kujifunga kwake na kazi kunapata maana pale kazi inapokamilika ikawa kitu cha kurithisha: mafunzo, utaratibu, taasisi. Akifanya kazi ileile kwa ajili ya mshahara peke yake, minyororo inabana. Mbali kabisa na "wewe ni Shetani."

Kwa nini tusiendelee kumfuata mwenye nyumba wa Ng'ombe? Jaribu uone. Zuhura yuko Mshale, mwenye Mshale ni Mshtarii, yuko Kondoo, mwenye Kondoo ni Mirihi, yuko Ndoo, na mwenye Ndoo ni Zohali. Umezunguka umerudi ulikotoka na karibu nusu ya karata ziko mezani. Hatua mbili zinatosha. Anayetandaza karata zote 22 anaficha kwamba hajui aseme nini.

Safu ya tatu ni ya kileleni mwa anga, na kwa kusudi naipa uzito kuliko Jua, kwa sababu ndipo mtu anapoonekana na watu. Kwa binti huyu kileleni kuna Nge, yaani Kifo (XIII), na Mwezi wake uko hapohapo. Weka Kuhani wa Kike juu ya Kifo. Mwenye nyumba ni Mirihi: Mnara (XVI). Mirihi anaishi Ndoo: Nyota (XVII). Ndoo ndiyo pia inayochomoza, kwa hiyo karata moja inahudumia sehemu mbili. Usitafute nakala yake, iache palepale na uipe uzito mara mbili.

Hapa mteja atashtuka. Mwambie mapema kwamba Kifo kimekaa kama chumba cha kazi, hakitabiri msiba. Kuhani wa Kike ana hati mapajani, nusu imefichwa na vazi: anatunza siri za watu. Mnara ni jengo lililopigwa radi, na karata inayofuata mara moja kwa namba ni mwanamke aliyepiga goti akimwaga maji kutoka mitungi miwili. Binti huyu anafika wakati mambo yamekwisha au yameanguka, anatunza yasiyosemwa, kisha anarudisha maji. Anaweza kuwa muuguzi wa wodi ya mahututi, mwanasheria wa mirathi, au mtu anayeitwa kunusuru chama kilichofilisika. Usimtajie kazi moja kama vile umeiona kwenye kioo. Karata zinataja aina ya mchango, na ajira anaitafuta mwenyewe.

Sasa tazama pembe nne za Dunia, karata ya Zohali iliyo mezani tayari. Kuna mtu, tai, ng'ombe na simba, alama za Ndoo, Nge, Ng'ombe na Simba. Binti huyu ana Ndoo inayochomoza, Nge kileleni na Zohali kwenye Ng'ombe. Pembe tatu zimejaa. Zohali huchukua takriban miaka 29 na nusu kuzunguka, na ataingia tena Ng'ombe mwaka 2028. Andika mwaka huo nyuma ya karatasi yenye safu zake, kisha mwombe akueleze kazi anayoifanya sasa ni ya safu ipi kati ya hizo tatu.