Chupa 400 zile zile, mbona hasara?

"Duka langu hapa Majengo linarudisha gharama nikiuza chupa 400 kwa mwezi. Alizeti inaniachia 1,000, juisi ya zabibu 3,000. Mwezi huu nimefikisha 400, mbona hasara? Nimeambiwa nipandishe bei."

Dada, aliyekwambia upandishe bei ameharakisha. Fungua daftari uone umeuza chupa zipi. Ile 400 ilipigiwa hesabu kwa alizeti 300 na juisi 100, ndipo unapata 600,000 za kodi, mshahara na umeme. Nadhani juisi imelala. Ukiuza alizeti 350 na juisi 50 unabaki na 500,000 tu, na kwa uwiano huo wa saba kwa moja utahitaji chupa 480. Usipotenganisha mauzo kila wiki, hutaliona mapema. Juisi ilikuishia, au wateja ndio wameipunguza?