Usikodi jahazi kabla hujaandika pambizo

"Wakuu, filamu yangu fupi ina sini 18. Nataka dizolvu, picha ikiyeyukia nyingine, kila eneo likibadilika ili ipendeze, na mkato wa kulinganisha kutoka tanga la jahazi kwenda shuka la uani. Niandike kwenye skripti au nimwachie mhariri?"

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Tanga na shuka ndiyo makosa yangu yale yale, niliyafanya hapa Bagamoyo.

Mwalimu wa kozi fupi alitwambia mipito, yaani namna picha moja inavyoipisha nyingine, ni kazi ya mhariri mezani, sisi turekodi tu. Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, maana yeye hakulipa hata senti. Pambizo ya skripti yangu ilikuwa nyeupe. Mpiga picha akachukua jahazi zima kwa mbali, tanga dogo kulia mwa fremu, likishuka. Siku ya pili akachukua shuka kwa karibu, kushoto, likivutwa juu. Tulipounganisha, jicho liliruka toka kulia kwenda kushoto, wala hakuna aliyeona kwamba vile vitambaa viwili ni ndugu.

Mhariri akajaribu kuokoa kwa dizolvu ya sekunde 2. Tulirekodi fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo alihitaji fremu 25 za ziada baada ya tanga, na nyingine 25 kabla ya shuka, ili picha zipate pa kupishana. Mimi nilisema "kata!" tanga lilipogusa tu chini. Zilibaki fremu 14, kisha nahodha anageuka kuitazama kamera.

Nikakodi jahazi upya. Tukafika alfajiri, maji yamekupwa, chombo kimelala ubavu kwenye mchanga. Tukasubiri karibu saa sita yajae, wasanii wakihesabu posho.

Safari hiyo pambizo ilisomeka hivi: "Mkato wa kulinganisha. Sababu: mume amerudi, mke hajajua, kitambaa kimwambie mtazamaji kwanza. Fremu ya mwisho: tanga, theluthi ya kushoto, linashuka. Fremu ya kwanza: shuka, theluthi hiyo hiyo, ukubwa ule ule, linashuka. Hesabu sekunde 3 kabla ya kusema kata." Ikakaa mara ya kwanza.

Hizo dizolvu zako fanya vivyo hivyo: andika sababu kwanza, jina la mpito baadaye. "Ili ipendeze" si sababu. Watazamaji wengi wakiona picha inayeyukia nyingine wanaelewa muda umepita. Mtu akitoka sokoni akaingia kwake na hasira ile ile, dizolvu itawafanya wadhani ni kesho yake, na hasira imepoa. Hapo kata tu. Sini ambayo pambizo yake haina "kwa sababu", weka mkato wa kawaida.

Siku ya shuka, nenda na picha ya fremu ya mwisho ya tanga kwenye simu, uishike kando ya skrini ya kamera mpaka ukingo wa shuka ukae pale pale. Tubandikie hapa pambizo ya sini hiyo kabla hujampa nahodha pesa ya kianzio.