Barua kwa mwanangu: mkanda wa cherehani

"Baba, nikimwona mke wangu anacheka na simu, usiku akilala naifungua nisome. Huu ni wivu wa kawaida wa mwanamume au ni ugonjwa?"

Mwanangu,

Nimesoma ujumbe wako mara mbili, kisha nikaenda kuitazama ile cherehani.

Ulikuwa hujaanza shule. Mimi naendesha trela, nalala mpakani Malaba kwenye foleni siku nne, mama yako anashona hapa barazani Walukuba pamoja na yule fundi jirani. Siku moja nilirudi bila taarifa nikawakuta wanacheka. Wanacheka tu. Asubuhi niliondoka na mkanda wa cherehani mfukoni. Wiki tatu hakushona, wala hakuniuliza.

Mwaka 1992 mwanasaikolojia wa Marekani, David Buss, na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo: kipi kingekuumiza zaidi, mwenzako alale na mwingine au ampende? Wanaume 60 katika 100 walisema kulala. Wanawake zaidi ya 80 katika 100 walisema kupenda. Anavyoeleza yeye, mama wa kale alijua mtoto ni wake, baba hakuwa na hakika, kwa hiyo mwenye wivu ndiye aliyelea damu yake. Mwanamke naye alichelea matunzo yasihamie nyumba nyingine.

Nilifurahi kusoma hayo. Kumbe nilisukumwa na maumbile! Lakini wale wanaume 40 waliobaki je? Mimi ni mmoja wao. Sikuwaza kamwe kwamba wamelala. Kilichonichoma ni kile kicheko, maana mimi nilikuwa nikiletewa chakula kimyakimya. Na wapo waliompinga Buss: swali linakulazimisha uchague moja, na ukisikia mtu amependa, unadhani na kulala kumefuata. Hata akiwa sahihi, ameeleza uchungu ulikotoka. Hakuniambia nichukue mkanda.

Unajua ninavyosema siku zote: wivu ni mbwa wa mlangoni, abweke, asishike ufunguo. Laiti ningemwambia mama yako, "Kicheko kile kimeniuma," angenijibu na mimi ningelala. Wivu usio ugonjwa hutulia ukipata jibu. Ule wangu haukutulia. Baada ya mkanda niliuliza wateja, baada ya wateja nikahesabu vitambaa, na kila nilipokosa kitu niliona amekificha vizuri. Yeye huku akapoteza kazi, kisha marafiki, kisha akaacha kukaa barazani.

Pengine nakuonea. Simu si cherehani, na wewe hujamnyang'anya kitu. Lakini usiku wa kwanza hukukuta neno; wa pili ulitafuta nini?

Nina la kusema juu ya hilo, nalo liko ulimini. Mama yako amenikataza, anasema sina haki ya kukuhukumu. Mkanda ulikatika zamani, na huu wa sasa ameununua mwenyewe. Akimaliza kushona jioni huufungua, akaingia nao chumbani.

Baba yako