Pafyumu ya sabuni usiimimine kwenye losheni kwa kipimo kilekile

Wengi wanaoanza kazi hii huchanganya harufu moja wanayoipenda, wakaitia kwenye sabuni, kisha kilichobaki wakakimalizia kwenye losheni. Baada ya muda malalamiko yanakuja ya aina mbili: sabuni hainukii tena, na losheni inawasha. Nitachukua mchanganyiko mmoja wa mafuta ya kunukia ya chungwa, mchaichai na pachuli, niupitishe kwanza kwenye sabuni na halafu kwenye losheni, uone ni wapi mambo yanaharibika.

Tuanze na sabuni, ile ya kuchanganya mafuta na kostiki soda bila kupika. Ukitia mafuta ya chungwa peke yake, siku ya kwanza chumba kizima kitanukia na utadhani umemaliza kazi. Ukweli ni kwamba mafuta ya chungwa karibu yote ni limonini, kitu chepesi kinachoruka haraka. Ndani ya sabuni mbichi kinakutana na kostiki soda ambayo bado ni kali, na joto linalopanda lenyewe kadiri mafuta yanavyogeuka kuwa sabuni. Kisha sabuni inakaa rafuni wiki 4 hadi 6 ikipoteza maji, na harufu nayo inaondoka polepole. Ikifika siku ya kuifunga, unabaki na kipande kinachonukia mafuta ya nazi.

Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni kuongeza chungwa. Haisaidii. Ukizidisha sana sabuni inakuwa laini, wakati mwingine inatoka jasho la mafuta juu, na limonini uliyoiongeza inaruka vilevile kama ya mwanzo. Kinachosaidia ni kulipatia chungwa wenzake wazito. Mchaichai una sitrali, ambayo inanukia kama ndimu na inadumu kuliko chungwa. Pachuli ni mzito zaidi, unaruka taratibu mno, na unashikilia sehemu ya chini ya harufu. Ila tusidanganyane: hakuna kinacholifanya chungwa lisiondoke. Kile ambacho mteja atanusa wiki ya 6 ni mchaichai na pachuli, na chungwa kwa mbali.

Sasa vipimo. Kwa gramu 1000 za mafuta ya sabuni mimi huweka gramu 30 za harufu, yaani asilimia 3 ya mafuta: chungwa gramu 18, mchaichai 7, pachuli 5. Pima kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Matone hayaaminiki, kwa sababu tone la pachuli na tone la chungwa hayalingani, na kila chupa ina kitoneshi chake.

Mafuta na maji ya kostiki yachanganye yakiwa na nyuzi 35 hadi 40 hivi. Subiri mchanganyiko ushikamane, usionekane tena na michirizi ya mafuta, ndipo umimine harufu na kukoroga kwa mwiko. Ukishamimina kwenye kalibu, usiifunike kwa mablanketi, maana joto la ziada linafukuza hicho chungwa kidogo ulichonacho. Rafu iwe na hewa lakini isipigwe na jua wala feni. Na usiitegemee pua yako kuhukumu, kwani imechoka tangu siku ya kuchanganya. Mpe mtu mwingine anawe nayo mikono kwa maji ya vuguvugu. Sabuni kavu inayoonekana haina harufu mara nyingi huamka ikilowa.

Angalizo moja kwa wanaotaka karafuu humo: inaharakisha kuganda. Mchanganyiko unaweza kukushikia ndani ya sufuria kabla hujafika kwenye kalibu. Anza na kidogo, na kalibu liwe tayari mkononi.

Upande wa ngozi, watu huchanganya mambo mawili. Kuna muwasho wa papo hapo kwa sababu harufu imezidi, huo ukiacha kutumia unapoa. Na kuna mzio, ambao mwili unaweza kuujenga baada ya wiki au miezi ya kutumia kitu kilekile bila tatizo. Ukishajijenga hauondoki, na hata kiasi kidogo cha kitu hicho kinatosha kuuamsha. Ndiyo maana mtu akikwambia "nimeitumia mwezi mzima, ni salama", hajathibitisha mengi.

Hapa ndipo tofauti ya sabuni na losheni inapoonekana. Sabuni inakaa kwenye ngozi dakika moja kisha inasuuzwa. Losheni inapakwa mwili mzima na kubaki humo kutwa. Muuzaji wa pafyumu mwenye kujua kazi yake atakupa cheti cha IFRA, shirika la kimataifa la watengeneza harufu, chenye kiwango cha juu cha kila aina ya bidhaa. Sabuni ya kipande tafuta kundi 9, losheni ya mwili kundi 5A. Asiye na cheti usinunue kwake, hata kama harufu yake ni tamu namna gani.

Asilimia ya cheti inahesabiwa kwa uzito wa bidhaa iliyokamilika. Ile sabuni yetu, tukijumlisha maji na kostiki na kutoa maji yaliyokauka, inaweza kuwa gramu 1300. Kwa hiyo gramu 30 za harufu ni kama asilimia 2.3, na mchaichai peke yake ni kama asilimia 0.5.

Chukua sasa losheni ya gramu 500 na uitie asilimia 3 ileile uliyoizoea. Ni gramu 15, na ndani yake mchaichai ni gramu 3.5, sawa na asilimia 0.7. Kiwango hicho ndicho wataalamu wa mafuta ya mimea hukitaja kuwa mwisho wa mchaichai kwenye ngozi, kwa sababu sitrali yake inaweza kuleta mzio. Yaani umefika ukingoni kwa kitu kinachopakwa kila siku. Mimi losheni naitia asilimia 0.5: gramu 2.5 za mchanganyiko wote, na mchaichai unashuka hadi karibu asilimia 0.12. Harufu inatosha kabisa, kwani hakuna kostiki ya kuishambulia. Itie mwishoni, losheni ikiwa imepoa chini ya nyuzi 40, ukoroge hadi ienee. Ukiona siku za mbele losheni inatenga maji, punguza harufu kwanza kabla ya kulaumu kiunganishi kinachoshikanisha maji na mafuta.

Chungwa tamu halina shida ya jua, lakini ukitaka kubadilisha uweke bergamoti, tunda jingine la jamii ya chungwa, kumbuka inaweza kuunguza ngozi iliyopakwa ikipigwa na jua. Kwenye losheni isizidi asilimia 0.4, au tafuta ile iliyotolewa bergapteni, kitu kinacholeta shida hiyo ya jua.

La mwisho ni umri wa chupa. Limonini ikikaa na hewa inageuka kuwa vitu vinavyosababisha mzio kuliko ilipokuwa mpya, hivyo losheni yenye kipimo sahihi bado inaweza kuwasha kwa sababu ya mafuta yaliyochacha. Nusa mdomo wa chupa: ukisikia harufu kama ya tapentaini, au kifuniko kinanata, yamwage. Andika tarehe siku unayoifungua, ihifadhi penye baridi na giza, na ikifika nusu ihamishie kwenye chupa ndogo ili hewa isibaki nyingi juu yake.